Keki huanza kuumuka kwenye bakuli

"Naoka keki za kuuza hapa Tanga. Maelekezo yote yanasema siagi iwe ya joto la chumba, ipigwe na sukari mpaka sukari iyeyuke. Napiga mpaka mkono unauma na sukari haiyeyuki, kwa hiyo mwezi uliopita nikaiyeyusha siagi kabisa jikoni. Ilichanganyika upesi, lakini keki ilitoka fupi, chini nzito kama ugali, na karatasi ikalowa mafuta. Dada yangu yuko Njombe, anafuata maelekezo hayohayo, yeye siagi yake ni ngumu na keki inatoka na mashimo. Bekingi pauda tunaweka sawasawa. Kazi hii ya kupiga siagi na sukari ina maana gani, na tunakosea wapi?"

Kwanza acha kungoja sukari iyeyuke, dada yangu. Haitayeyuka, na wala haitakiwi kuyeyuka. Maneno hayo yamo katika maelekezo mengi ya keki tunayoandikiana, na naamini ndiyo yaliyokusukuma ukaweka siagi jikoni. Sukari huyeyuka kwenye maji, si kwenye mafuta. Siagi ya maziwa ni mafuta kwa kiasi cha asilimia 80 hivi, na maji asilimia 16 hivi. Pakiti ya gramu 250 basi ina maji ya gramu 40 tu, nayo yamefungwa ndani ya mafuta katika matone madogo yasiyoonekana kwa macho. Hata yangetoka yote yakaikuta sukari yako, yangeyeyusha gramu 80 hivi kati ya 250 ulizoweka. Iliyobaki ingeendelea kuwa punje. Ukichukua kidogo baada ya kupiga vizuri, ukasugua kati ya vidole viwili, utasikia mchangamchanga, na hiyo si dosari. Sukari itayeyuka baadaye ikikutana na maji ya mayai na maziwa, kisha joto la oveni limalizie.

Kinachotafutwa pale kwenye bakuli ni hewa. Punje ya sukari ina kona kali, na kila mwiko unapopita, kona hizo zinachana siagi na kuburuta hewa kidogo kuingia ndani. Siagi inajifunga nyuma yake na hewa inabaki imenaswa. Mwiko ukirudi, vipovu vilivyokwisha kuingia vinakatwa kuwa vidogo zaidi, na vingine vinaongezeka. Ndiyo sababu rangi inabadilika. Siagi ya njano inapauka, inakuwa kama maziwa ya mtindi, ingawa hukuongeza kitu cheupe. Ni vipovu vingi mno vinavyotawanya mwanga, kama povu la sabuni linavyoonekana jeupe wakati sabuni yenyewe ni ya kijani.

Hapo utaniuliza, kama ni hewa tu, bekingi pauda si ipo? Ipo, lakini kazi yake si hiyo. Bekingi pauda ikilowa na kupata joto hutoa hewa ya ukaa, na hewa hiyo haijitengenezei vipovu vipya kirahisi ndani ya rojo zito la keki. Inaingia katika vipovu vilivyokwisha kuwamo na kuvitanua. Mvuke wa maji nao hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo idadi ya vitundu vya keki yako inaamuliwa kwenye bakuli, kabla hujawasha moto. Ukiwa na vipovu vingi vidogo, kila kimoja kinavimba kidogo na keki inatoka laini, yenye vitundu vya kulingana. Ukiwa na vichache, hewa yote inakimbilia hivyo vichache, vinakuwa vikubwa, vinapanda juu na kupasuka, na sehemu ya chini inabaki imeshikana. Ule ugali ulioukuta chini ya keki yako umetoka huko. Kuongeza kijiko kingine cha bekingi pauda hakungeuponya, kungeleta ladha ya uchungu na keki ingedidimia katikati.

Kumbuka pia kwamba watu waliinua keki kabla bekingi pauda haijakuwapo. Ile aliyoitengeneza Alfred Bird kule Uingereza ni ya mwaka 1843. Kabla ya hapo kulikuwa na keki ya ratili moja ya siagi, ratili moja ya sukari, ratili moja ya mayai na ratili moja ya unga, na kilichoiinua kilikuwa mkono wa mpishi na hewa aliyoipigia ndani.

Sasa tuje kwenye siagi yenyewe, maana hapa ndipo Tanga na Njombe zinapoachana.

Siagi inayoonekana ngumu si ngumu yote. Ni mchanganyiko wa mafuta ya majimaji na punje ndogo sana za mafuta yaliyoganda, na uwiano wake unabadilika kwa joto. Ikitoka kwenye friji, kama nyuzi 5, karibu nusu ya mafuta yake yameganda. Kwenye nyuzi 20 iliyoganda ni kama sehemu moja ya tano. Kufika nyuzi 30 imebaki kidogo sana, na kwenye nyuzi 35 hivi hakuna tena. Vipovu vya hewa vinashikiliwa na zile punje zilizoganda, zinavizunguka kama mawe yanavyozunguka kisima, na mafuta ya majimaji yanaziba mianya. Unahitaji vyote viwili. Mfinyanzi anaelewa jambo hili bila kuambiwa, kwa sababu udongo mkavu unapasuka mkononi na udongo wa tope unamwagika, na chungu hutoka kwenye ule wa katikati tu.

Ulipoiyeyusha siagi jikoni, ulimaliza punje zote. Kilichobaki ni mafuta juu na maji ya maziwa chini. Ulipomimina sukari ilizama, kama mchanga unavyozama kwenye mafuta ya kupikia. Ulipopiga, hewa iliingia ikatoka, haikuwa na cha kuishika. Ndiyo maana kazi ilikuwa nyepesi. Kisha mayai yalipoingia, mafuta hayo ya majimaji hayakushikamana nayo vizuri, na ndani ya oveni yakateremka chini hadi kwenye karatasi. Fupi, nzito, yenye mafuta: dalili zako zote tatu zinatoka kwenye kosa moja.

Wapo wanaoyeyusha siagi kisha kuirudisha kwenye friji igande, wakidhani wameirejesha ilivyokuwa. Nami nilifanya hivyo nilipokuwa najifunza, nikaharibu keki mbili za harusi kabla sijaelewa. Siagi iliyoyeyuka ikaganda yenyewe kwenye friji inatengeneza punje kubwa za chengachenga, na maji yake yamekwisha kujitenga. Inaonekana kama siagi na haipokei hewa kama siagi. Iweke kwa kupakia mkate au kukaangia, ufungue nyingine kwa keki. Uwe macho hasa kama unalainisha kwa maikrowevu, kwa sababu inayeyusha katikati huku nje pakiwa pagumu, na hutaona mpaka umekata.

Kosa la pili ni la maelekezo, si lako. "Joto la chumba" ni maneno yaliyoandikwa na watu ambao chumba chao kina nyuzi 18 hadi 21. Jikoni kwako Tanga, mwezi wa pili, kuna nyuzi 30 na zaidi. Siagi iliyokaa mezani tangu asubuhi haijawa ya joto la chumba kwa maana yao, imekuwa karibu na mafuta. Kwa hiyo hata kabla hujaanza kuiyeyusha jikoni, nina hakika siagi yako ilikuwa na joto mno, ndiyo maana mkono uliuma na weupe haukuja. Futa maneno hayo kwenye daftari lako, uandike "nyuzi 18 hadi 20". Anza na 18 kama unatumia mashine, kwa sababu msuguano wenyewe unaongeza joto, na ukimaliza utakuta imefika 21 au 22.

Kipimajoto cha jikoni chenye ncha ya kuchomeka kingekusaidia sana, lakini kidole pia kinatosha. Bonyeza siagi: ikiacha alama bila kidole kuzama, na uso wake haung'ai, ipo tayari. Iking'aa kama imepakwa mafuta, au kidole kikapita hadi chini, imechelewa. Ikigoma kubonyea, au ukipinda kipande kikakatika badala ya kupinda, bado ina baridi.

Nikuoneshe ninavyofanya mwenyewe siku ya joto, kwa keki ya siagi gramu 250, sukari gramu 250, mayai 4, unga gramu 250 na bekingi pauda vijiko viwili vya chai. Sukari naiweka kwenye friji tangu usiku, pamoja na bakuli, na bakuli liwe la bati si la plastiki. Sukari yetu ya dukani ina punje kubwa, kwa hiyo naizungusha kwenye blenda kwa sekunde chache tu, ipungue ukubwa bila kuwa unga. Punje ndogo zina kona nyingi zaidi kwa uzito uleule, na vipovu vinaongezeka. Usifike hadi kuwa sukari ya unga ya kupambia keki, ile ni laini mno, haichani siagi. Siagi naitoa kwenye friji na kuikata vipande vya ukubwa wa kipande cha kashata, kisha naiacha kama dakika 10, wala siondoki jikoni, maana kwa joto letu kati ya ngumu na majimaji hapana muda mrefu.

Napiga siagi peke yake dakika moja, naongeza sukari, naendelea kwa mwendo wa kati dakika 5 hadi 7, nikisimama mara mbili kukwangua pembeni na chini ya bakuli. Kwa mwiko wa mbao hesabu dakika 15, na upige ukiwa umeketi. Beseni la maji ya baridi liwe karibu. Mchanganyiko ukianza kung'aa na kuteleza badala ya kusimama, weka bakuli ndani ya beseni hilo dakika mbili, ukoroge taratibu, kisha uendelee. Ukikamata mapema namna hiyo keki inaokoka. Ukingoja mpaka mafuta yamejitenga, haiokoki.

Kujua umefika, macho yanadanganya, hasa jioni chini ya taa ya njano. Mimi napima. Chukua kikombe cha mililita 250, jaza mchanganyiko bila kuacha mapango, usawazishe juu, upime kwa mizani ya jikoni ukitoa uzito wa kikombe. Siagi na sukari kwa uwiano huo, bila hewa yoyote, vingekuwa na uzito wa gramu 290 hivi kwa kikombe hicho. Ninapoacha kupiga, kikombe changu huwa kimeshuka hadi karibu gramu 200. Tofauti hiyo ni hewa, karibu theluthi moja ya kikombe. Mara ya kwanza ukipima, ukakuta 260 wakati mkono wako unasema umechoka, utaelewa kwa nini keki zilikuwa zinakataa. Usiende mbali kupita hapo lakini. Ukipiga mno, vipovu vinakuwa vikubwa na kuta zake nyembamba, keki inapanda kwa fahari ndani ya oveni kisha inaanguka kabla haijashikana.

Dada yako wa Njombe ana tatizo la upande wa pili. Mwezi wa saba jikoni kwake asubuhi pengine kuna nyuzi 12 hadi 15, na siagi iliyolala mezani ni ngumu kama iliyotoka kwenye friji. Siagi ya baridi ina punje nyingi zilizoganda na mafuta machache ya majimaji, kwa hiyo haijifungi nyuma ya sukari. Inamong'onyoka. Sukari inazunguka nje ya mabonge, hewa haiingii, na mabonge hayo yanapita mpaka kwenye rojo. Ndani ya oveni kila bonge linayeyuka na kuacha shimo pale lilipokuwa, na pembeni ya shimo kunakuwa na doa la mafuta. Hayo ndiyo mashimo yake. Akikata keki akaona mashimo yenye kuta zinazong'aa, ajue ni siagi, si bekingi pauda.

Dawa yake ni rahisi kuliko yako. Akate siagi vipande vidogo au aikwaruze kwa kikwaruzio, aitandaze kwenye bakuli lililosuuzwa kwa maji ya moto na kukaushwa, asubiri nusu saa. Kama bado, aliweke bakuli juu ya sufuria ya maji ya vuguvugu kwa sekunde 10, alitoe, akoroge, arudie ikibidi. Asiache bakuli pale akaenda kuchekecha unga.

Kwa nyote wawili, mayai yanaweza kubomoa kazi yote hii. Yai ni maji zaidi kuliko kitu kingine, na unalilazimisha likae pamoja na mafuta. Kiini chake ndicho kinachosaidia vishikane, mradi uongeze moja moja na kupiga mpaka lipotee kabla ya jingine. Yai la baridi kutoka kwenye friji linagandisha siagi ghafla, mchanganyiko unakatika kama maziwa yaliyoharibika, na sehemu ya hewa inapotea. Yaache mayai kwenye maji ya vuguvugu dakika 5 kabla ya kuyavunja. Kwa Tanga mara nyingi hata hilo halihitajiki, yale ya mezani yanatosha. Ikianza kukatika, ongeza kijiko kimoja cha unga kutoka kwenye ule uliopima. Mchanganyiko uliokatika kidogo bado unatoa keki inayolika, haitakuwa tu laini kama ulivyotaka, kwa hiyo usiumwage.

Unaweza kuuliza kama majarini ingekutoa kwenye taabu hii. Kwa sehemu, ndiyo. Sisi tunaita vyote viwili siagi, lakini majarini ngumu ya kuokea imetengenezwa kwa mafuta yanayostahimili joto zaidi, na pwani inashika hewa kwa urahisi kuliko siagi ya maziwa. Ladha yake ni hafifu, na mteja anayejua siagi ataihisi mdomoni. Kwa keki za kuuza katika joto lenu nusu kwa nusu ni uamuzi wa busara, na iliki au arki ya vanila inasaidia ladha. Soma tu kopo: nyingi zile laini za kupakia mkate zina maji mengi kuliko siagi, na ukizitumia kwa kipimo kilekile keki inakuwa na unyevu usiotakiwa. Tafuta iliyoandikwa mafuta asilimia 80 au karibu na hapo.

Na kama siku fulani umeme umekatika, siagi yote imeyeyuka na mteja anangoja, usijaribu kuilazimisha katika keki hii. Badili njia ya hewa kuingia. Piga mayai na sukari peke yake mpaka yawe mazito, meupe, na ukiinua mchapo utepe unaodondoka unakaa juu kwa sekunde kadhaa kabla ya kuzama. Hapo hewa inashikwa na mayai. Chekecha unga na bekingi pauda juu yake, changanya kwa kukunja, kisha mimina siagi iliyoyeyuka, ikiwa vuguvugu si moto, ukiendelea kukunja taratibu. Bila umeme utapiga kwa mkono muda mrefu, uwe na wa kupokezana naye. Itakuwa keki ya aina nyingine, nyepesi zaidi na inayokauka mapema, kwa hiyo iuze siku ileile.

Fanya keki mbili kwa njia ya nyuzi 18 na kikombe cha kupimia. Kama zote mbili zimefika gramu 200 na bado zinadidimia katikati au kubaki mbichi ndani, tatizo limehama kutoka kwenye bakuli. Weka kipimajoto cha oveni katikati ya trei, washa kwenye 180, usubiri dakika 20 usome. Kikionesha tofauti ya nyuzi 20 au zaidi, mwite fundi wa majiko akague kidhibiti joto chako, maana hilo haliponi kwa kurekebisha maelekezo. Kama unaokea kwenye sufuria, mkaa chini na juu ya mfuniko, hakuna kipimajoto kitakachokusaidia sana. Nenda ukakae asubuhi nzima na mwokaji wa Tanga anayetumia jiko hilohilo, utazame anaweka mkaa kiasi gani chini na kiasi gani juu, na umpelekee kipande cha keki yako ili akikate mwenyewe aone.